Lulu Tisa za Mwalimu

Mke wa mwanangu alikuwa na mikono ya ufundi, sikatai, na hiyo mikono ndiyo iliyonichoma roho. Miaka thelathini nimekaa kwenye meza ya dirishani nikitunga lulu za watu, leo mteja anaingia dukani, ananipita kama kiti, anauliza, "Yule binti yupo?"

Kwa hiyo mwalimu mstaafu alipoleta mkufu wa marehemu mama yake, niliuwahi mimi. Ulikuwa umetungwa kwa nailoni, bila fundo hata moja. Alitaka hariri, na fundo kati ya kila lulu, ili uzi ukikatika idondoke moja tu. Nilizihesabu mbele yake: tisini na mbili. Alipotoka nikakata uzi, nikatoa tisa, nikazitia kwenye mkoba wa mkwe wangu.

"Nimeshahesabu," nilimwambia nikimkabidhi zilizobaki. Za mtu mwingine angezihesabu upya, lakini kuhesabu nyuma yangu aliona ni kukosa adabu. Hilo nililijua vizuri.

Alifanya kazi siku mbili.

"Nailoni haiozi kwa jasho, Mama," alisema, "ila fundo lake kaidi, linaacha mwanya. Hariri inatii."

Utadhani si mimi niliyemfundisha! Kila fundo alilisukuma kwa ncha ya kibanio mpaka likaigusa lulu.

Mwalimu akaja, akauvaa, akafurahi. "Unafika pale pale ulipokuwa ukifika!"

"Pale pale?" nikasema. "Mafundo tisini na moja yanaongeza upana wa vidole vitatu. Mbona haujarefuka?"

Fundi yeyote angeelewa kuwa lulu zimepungua, na mkwe wangu alikuwa fundi. Akauchukua mkufu, akahesabu kwa sauti; zikaishia themanini na tatu. Mwanangu akatoka nyuma ya kaunta, akamimina mkoba wa mkewe mezani. Lulu zikabingirika.

"Mama, ulisema umehesabu," mkwe wangu alisema.

"Nilihesabu. Tisini na mbili. Mwalimu shahidi."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mwanangu hakumtazama mkewe. Alimfungua aproni na kumwonyesha mlango. Moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa siku hiyo, niseme ukweli.

Nikaufumua mkufu ili niurudishie zile tisa. Nikashika hariri. Ikanikatikia mara mbili, mafundo yakakaza kabla hayajaifikia lulu. Mwisho nikachukua nailoni, maana ni ngumu, inapenya tunduni hata bila sindano.

Mwalimu alihesabu zote tisini na mbili. Kisha akaupitisha mkufu mkononi, lulu zikicheza kwenye mianya, na baadhi ya mafundo yakifumuka yenyewe.

"Wa yule mwizi ulikuwa mzuri," alisema. "Anaishi wapi siku hizi?"

Mwanangu alikuwa karibu. Bila hata kuniangalia, akamwandikia anwani kwenye karatasi.