Paka wa Stoo ya Posho

Mwaka wa hamsini na tatu, katika mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita, Apolonia alikuwa na kazi ya kupepeta mahindi na kushona magunia kwenye stoo ya posho ya vibarua. Alikuwa mjane kutoka Samuye, mama wa Limi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Miaka sita alikaa mle ndani na vumbi la unga, na miaka hiyo sita alikaa na paka.

Hakuwaleta yeye. Aliwakuta. Panya walipofuata mahindi, paka walifuata panya, wakabaki. Mkubwa wao alikuwa jike la kijivu, na waliobaki wote walikuwa mabinti zake na mabinti wa mabinti zake. Mmoja akirudi kutoka vichakani, wenzake humwendea mkia juu, wakasuguana mashavu na mbavu, kama watu wa nyumba moja wanaosalimiana asubuhi. Walipozaa, walizaa pembe moja, nyuma ya magunia mabovu, na Apolonia aliona kwa macho yake mtoto wa huyu akinyonya kwa yule bila kufukuzwa.

Chini ya kilima, karibu na kijito, kulikuwa na jiko la vibarua, na jiko nalo lilikuwa na paka wake. Hao walikuwa ukoo mwingine. Kati ya stoo na jiko kulikuwa na njia moja, na paka wa pande zote waliitumia, ila kwa zamu. Wa jikoni walipita alfajiri, wa stoo walipita jua likipanda. Wakikutana, mmoja aliketi pembeni, akatazama kando, akamwacha mwenzake apite. Dume moja la rangi ya njano, masikio yamechanika, ndilo pekee lililozurura kote: leo stoo, kesho jikoni, keshokutwa kwenye mabanda ya vibarua. Lilipokutana na dume jingine walipigana kweli, hasa majike walipotaka kupandwa, lakini ugomvi huo ulikwisha kwa siku mbili tatu.

Basi akaja karani mpya wa stoo, jina lake Herman. Alivaa soksi ndefu nyeupe, na hakuamini mpishi yeyote duniani. Mwezi wa kwanza tu akaamuru jiko lihamishwe kutoka kijitoni lijengwe ubavuni mwa stoo, ili awe anawaona wapishi kutoka dirishani pake.

Jiko likapanda kilima. Makombo yakapanda nalo. Na paka wa jikoni, ambao hawakuulizwa, wakafuata makombo.

Hapo ndipo amani ilipokwisha. Koo mbili zilijikuta zinagombea ukuta mmoja, mlango mmoja, rundo moja la makombo. Majike wa stoo walikuwa na watoto wachanga, hawakutaka mgeni akaribie. Wa jikoni walikuwa na njaa na hawakuwa na pa kurudi. Walipigana mchana kweupe juu ya magunia. Kila upande ukawa unakojolea kuta na milango ili kudai mahali, na siku moja magunia manne ya unga yakanuka mkojo hivi kwamba vibarua waliyakataa.

Herman alimwita Apolonia mbele ya wapishi.

"Paka wako wameharibu unga."

"Shikamoo, karani," alisema Apolonia, kwa kuwa asubuhi ile walikuwa hawajasalimiana.

Herman hakuitikia. "Unawalisha. Wamezidi. Kesho wanaondoka."

"Siwalishi. Na hawajazidi, ni walewale. Kilichobadilika ni jiko. Umeleta wageni kwenye nyumba ya watu. Rudisha makombo kule chini, watarudi wenyewe."

Mpishi mkuu, Donatus, alikohoa, akatazama sufuria zake. Herman alicheka kidogo. "Mama, mimi nimesoma. Hutanifundisha habari za paka."

Kesho yake walikuja wanaume wawili na magunia. Apolonia alisimama mlangoni, akaambiwa asogee au aache kazi. Hakusogea. Wakamsukuma kando. Waliwachukua majike saba wa stoo, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wamezoea watu na hawakukimbia, na watoto kumi na mmoja kutoka pembe ya magunia mabovu. Wote wakatupwa kwenye shimo la zamani lisilochimbwa tena. Paka wa jikoni, waliokuwa wakali, walipanda juu ya mapaa na hawakukamatika hata mmoja.

Jioni ile Apolonia alishona magunia mpaka sindano ikamchoma kidole mara tatu. Hakulia. Kilichomuuma haikuwa huzuni tu. Ni kwamba aliyeharibu alikuwa amekaa kwenye kiti akiandika, na waliokuwa hawana kosa walikuwa shimoni.

Kukawa na utulivu wa wiki moja, na Herman akazunguka mgodi mzima akijisifu kwamba ameshinda. Wiki ya pili paka wa jikoni wakaingia stoo. Lakini hawakuingia peke yao. Mahali palipokuwa na harufu ya wenyewe sasa palikuwa wazi, na chakula kipo, basi wakaja na wengine: kutoka mabandani, kutoka vichakani, madume mageni matatu ambayo hata lile la njano halikuyajua. Hapakuwa na aliyemjua mwenzake. Walipigana asubuhi, wakapigana mchana. Na kwa kuwa walishughulika na kupigana, panya wakapata nafasi, wakatoboa magunia kuanzia chini.

Msimamizi wa kambi, Mzungu mmoja mzee aliyejua Kiswahili vizuri, alikuja mwenyewe kuyaona mahindi. Akauliza kulikoni.

"Ni huyu mwanamke," alisema Herman. "Anawaita."

Apolonia aliweka ungo chini. "Bwana, niulize mimi."

"Sema."

"Paka hawapigani kwa ubaya. Wanapigana wakibanwa. Hapa palikuwa na ukoo mmoja, kule chini ukoo mwingine, na miaka sita sikuona unga umekojolewa. Karani alihamisha jiko, akawabana pamoja. Nilimwambia. Kisha akawaua wenye mahali, akaacha mlango wazi kwa kila mpita njia. Nilimwambia mbele ya mpishi."

Wote wakamtazama Donatus. Safari hii hakutazama sufuria. "Ni kweli, Bwana. Alimwambia. Nami nilinyamaza, na sikutenda vema."

Msimamizi akaagiza jiko libaki, lakini makombo yabebwe kila siku mpaka kijitoni, yasimwagwe tena karibu na stoo. Haikuwa dawa ya siku moja. Wiki ya kwanza bado walipigana. Mwezi ulipokwisha, paka wa jikoni walikuwa wameteremka wengi wao, madume mageni yalikwenda zao, na majike wawili wa ukoo wa jikoni, dada, walibaki stoo wakilala mgongo kwa mgongo.

Ripoti ya mwezi, aliyoiandika Herman mwenyewe, ilisema kwamba karani ndiye aliyebuni mpango mzuri wa kuondoa makombo. Donatus ndiye aliyemsomea Apolonia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba asomewe tena, akitafuta jina lake. Halikuwemo.

Siku chache baadaye Herman alisimama kwenye mlango wa stoo, mkono mfukoni. Kwa mara ya kwanza alianza yeye kusalimu.

"Habari za kazi, Mama Limi. Panya bado wapo. Nyumbani kwenu Samuye paka ni wengi. Lete hata wanne."

"Hapana."

"Ni amri."

"Nikileta paka wa Samuye, hawa dada wawili watawapiga, na hao wa Samuye watakimbilia porini wafe. Mgeni hatupwi katikati ya wenyeji. Hawa wawili watazaa, na mabinti zao watabaki. Panya watapungua taratibu. Utangoja." Aliinua macho kutoka kwenye sindano. "Ungekuwa na saba leo, karani. Na wale kumi na mmoja wangekuwa wanaanza kuwinda sasa. Hilo ripoti yako haikuliandika, kwa hiyo nakwambia mimi, na nitamwambia kila atakayeuliza."

Herman akaondoka na soksi zake nyeupe kupitia ua wa jiko, na wapishi, waliokuwa wamesikia kila neno, hawakumpisha njia.