Funguo za Tanuri Zilipolala Pugu

Philomena Mboje alikuwa na shingo ngumu, na hakuona sababu ya kuilegeza. Alizaliwa Nkoma kwenye mashamba ya pamba, akaja Dar es Salaam na ndugu zake wa Bariadi, na sasa alikuwa akioka mikate Ilala, kwenye kiwanda kidogo cha Tajudin. Alikuwa amepanga chumba Pugu kwa sababu Pugu kuna nafasi ya kufuga kuku, na mtu aliyekulia Nkoma huwezi kumwambia aishi bila kuku.

Wiki ile alikabidhiwa funguo za kiwanda. Msimamizi wa zamu ya asubuhi alikuwa ameacha kazi, na Tajudin alisema atampa Philomena nafasi hiyo kwa majaribio, mpaka Idd ipite. Aliyechukia ni Januarius, mpimaji wa unga, ambaye aliishi Buguruni, akaona kuishi karibu ni sifa ya kazi.

"Bosi, msimamizi gani anakaa mwisho wa reli?" Januarius alisema mbele ya watu wote. "Huyu analetwa na treni. Treni ikikohoa, sisi hatuli."

"Treni yangu haijawahi kuniangusha," Philomena alimjibu. "Wewe unakaa Buguruni na jana umechelewa."

Watu walicheka, na Januarius akanuna mpaka jioni. Tajudin alimkabidhi Philomena zile funguo tatu kwenye kamba yake, akamwambia asimwachie mtu yeyote. Naye akazivaa shingoni, akaenda nazo Pugu.

Sasa, kiwandani kwa Tajudin kulikuwa na utaratibu mzuri tu, ambao hakuna aliyeuandika mahali popote. Sikukuu za kawaida kiwanda kilifungwa. Ila Idd na Krismasi mikate hutakiwa kuliko siku zote, kwa hiyo siku ya Idd waliingia Wakristo ili Waislamu wakasali na kula pilau kwa raha, na siku ya Krismasi waliingia Waislamu. Maua, mwokaji mwenzake na rafiki yake Philomena aliyekaa jirani na kiwanda, ndiye aliyebeba Krismasi iliyopita peke yake, na Philomena alimwahidi kwamba Idd ni ya kwake. Wote waliona haki imetendeka. Kilichowapita ni jinsi mtu atakavyofika kazini siku ya sikukuu, na Philomena ndiye aliyepitwa zaidi, maana sikukuu zote alizokuwa nazo Dar alizimalizia Pugu, na kuku wake.

Usiku wa Ijumaa ikatangazwa kwamba mwezi umeonekana na kesho ni Idd. Majirani walishangilia, Philomena naye akafurahi, akamtumia Maua salamu za Idd njema. Akawaza keki, akawaza maandazi, akawaza Januarius atakavyomkuta amekwisha kuwasha tanuri. Treni hata haikumjia akilini. Kesho ilikuwa Jumamosi, na treni ya mjini hubeba watu Jumamosi, yeye mwenyewe hupanda kila wiki. Kwake Idd ilikuwa siku ya kazi, basi.

Halafu alijiona anaijua hiyo treni kwa undani. Mwezi mzima alikuwa akipanda ya kwanza kabisa, ile ya wanafunzi, ambayo watu wazima waliruhusiwa kukaa mabehewa ya nyuma. Shule zilipofungwa, treni hiyo ikakatwa, yeye akasimama pale akiingojea kama mjinga. Siku hiyo alijifunza kwamba treni ya wanafunzi huenda na muhula, na likizo ikianza mabehewa yake hubaki karakana. Akahamia ile inayofuata, ya wafanyakazi, ambayo bado ilimfikisha kabla unga haujaharibika. Akajiambia amemaliza somo.

Asubuhi ya Idd alifika kituoni na mapambazuko, funguo zikigongana kifuani. Jukwaa lilikuwa tupu. Hapakuwa na wauza karanga wala akina mama wa mboga wanaogombania mlango wa kwanza. Dirisha la tiketi lilikuwa limefungwa. Mlinzi alikuwepo, mzee Shija wa Ipililo, ambaye walikuwa wakisalimiana Kisukuma kila asubuhi ili tu wajisikie wako nyumbani.

"Mwangaluka, mayu," mzee alimwamkia, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka, baba. Treni imechelewa?"

Shija akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtia Philomena hofu. "Leo haiji, mayu. Leo ni sikukuu."

"Leo ni Jumamosi, baba."

"Ni Jumamosi, lakini sikukuu ikiangukia Jumamosi, treni inaifuata sikukuu." Alinyoosha fimbo yake kwenye ubao. Chini ya nyakati ambazo Philomena alizijua kwa moyo kulikuwa na mstari mmoja: haitembei Jumapili na sikukuu. "Hii treni ni ya kupeleka watu kazini na kuwarudisha. Ofisi zikifungwa, itambeba nani? Na siku kama hizi ndiyo mafundi wanapata nafasi ya kukagua kichwa na kukaza reli. Ukikaa kimya utawasikia kule mbele wanagonga."

Kweli, mbali kidogo chuma kiligonga chuma. Philomena akaukumbuka unga. Ilala, kwenye masinia, ulikuwepo unga uliokandwa na zamu ya jioni kabla yeye hajafunga mlango, umefunikwa, unaumuka. Unga hausubiri mtu. Ukipita wakati wake unapanda, unachacha, kisha unanywea kama tumbo la ng'ombe wa kiangazi. Na mlango wa kuufikia unga huo ulikuwa umening'inia shingoni mwake.

Alimpigia Maua, naye akapokea akiwa njiani kwenda kusali. "Dada, naweza kurudi, lakini nitaingilia wapi?" Maua alisema. "Funguo unazo wewe."

Philomena hakulia. Alikasirika, na hasira yake huwa ina miguu. Alimshukuru Shija, "Wabeja, baba," akapanda kilima mpaka barabarani, akasubiri gari ambalo halikuwa na haraka kwa kuwa dereva naye alikuwa na Idd yake, akashuka katikati ya safari, akachukua bodaboda. Njia nzima alijilaumu kwa kauli ile ya treni yangu haijawahi kuniangusha. Treni haikumwangusha. Ilikuwa imesema wazi, kwa herufi zinazosomeka, yeye ndiye hakusoma.

Alipofika, jua lilikuwa limechomoza vizuri. Nje ya mlango walisimama Januarius, vijana wawili wa zamu, na Tajudin mwenyewe, katoka kusali, kanzu nyeupe, uso mweusi. Wateja wawili walikuwa wameshaondoka na vikapu vitupu.

Philomena alipita katikati yao, akafungua. Harufu ya hamira iliyochacha ikawapokea. Unga ulikuwa umefurika masinia, ukadondoka sakafuni.

"Nilisema," alisema Januarius.

"Ulisema," Philomena akajibu. "Sasa shika ndoo."

Tajudin akanyoosha mkono. "Nipe funguo, Philomena."

Wote walijua mtu mwenye akili angezitoa, aombe radhi, abaki na kazi yake ya zamani. Philomena alizishika.

"Kosa ni langu, bosi, na sina wa kumsingizia. Leo ni sikukuu, treni ya mjini haitembei, na mimi nilidhani Jumamosi ni Jumamosi. Lakini sikupi. Ulisema majaribio ni mpaka Idd ipite, na Idd ina siku mbili."

"Kesho treni ipo?"

"Kesho hakuna pia. Ni Idd Pili, tena ni Jumapili, hata isingekuwa Idd isingekuwepo. Na kesho nitafungua mimi."

Tajudin alimtazama mwanamke huyu aliyechelewa na bado akaongea kama mwenye duka. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha akautumia kujipangusa jasho. "Unga huu?"

"Uliomwagika chini ni wa kutupa. Uliobaki kwenye masinia tunaukanda upya, tunachanganya na mpya, tunaupa muda. Mikate itatoka mchana. Asubuhi tumeipoteza, mchana hatuipotezi."

Wakafanya kazi. Philomena alikanda mpaka mabega yakawaka moto, na hakumruhusu mtu kuketi, Januarius akiwa wa kwanza kutoruhusiwa. Mikate ikatoka mchana, haikuwa mizuri kuliko yote, lakini ilikuwa mikate, na waliokuja kuchelewa kwa sababu ya pilau waliinunua bila maswali. Jioni Maua alikuja kumchukua. Alilala kwa Maua, kwenye mkeka, kati ya watoto na masufuria ya sikukuu, na alfajiri ya Idd Pili tanuri la Tajudin lilikuwa limewaka kabla jirani yeyote hajafungua dirisha. Januarius alipotokea alikuta mikate ya kwanza inapoa. Alisimama akaitazama muda mrefu, kama anatafuta kasoro ya kuishika, akakosa.

Lakini Philomena hakutaka kushinda siku moja kwa kulala kwenye mkeka wa mtu. Kabla ya kurudi Pugu alipita kwa fundi wa kuchonga funguo pale mtaani, akachongesha nyingine tatu, akampa Maua. Jumatatu treni ilikuja na filimbi yake kama haijamkosea mtu, naye akapanda, akafungua kwa wakati, akaenda kumwambia Tajudin mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine.

"Nimechonga funguo za pili, bosi. Anazo Maua."

"Nilikwambia usimwachie mtu."

"Ulinambia. Ndiyo maana Jumamosi Maua alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni na hakuweza kuokoa unga wako. Siku ambazo treni haitembei, aliye karibu ndiye anafungua, mimi nafika nikifika. Ukitaka msimamizi mwingine, sema leo. Ila mimi Pugu sihami, na funguo za Maua sirudishi."

Januarius, ambaye masikio yake hayajawahi kuwa mbali, akaingilia kutoka kwenye mizani. "Kwa hiyo sasa kiwanda kitaendeshwa na ratiba ya treni."

"Kilikuwa kinaendeshwa nayo siku zote," Philomena akamjibu bila kugeuka. "Sema hakuna aliyekuwa akiisoma mpaka chini."

Tajudin alikuwa mtu wa biashara tangu ujana, na alijua kupima hasira na faida kwenye mizani moja. Alitazama ukutani, kwenye kalenda ya msambazaji wa unga, akaifunua karatasi.

"Na Krismasi?" aliuliza. "Zamu ya Krismasi ni ya Maua."

"Maua anakaa jirani. Hana haja ya treni."

"Na Idd ijayo?"

Philomena aligusa kamba shingoni. Hakuna aliyekuwa amenyoosha mkono kuiomba. "Idd ijayo nitakuwa nimelala kwa Maua tangu usiku wa kwanza wanapoutafuta mwezi," alisema. "Ukionekana, nafungua. Usipoonekana, nitakunywa chai yake, nitafungua vilevile, halafu nitalala kwake tena."

Tajudin akairudisha karatasi ya kalenda mahali pake, akaenda kuhesabu mikate.