Mahali Yusra Hakuangalia

Asubuhi ile Yusra hakukaa akatulia. Aliketi, akainuka, akafungua dirisha la ofisi ya buking ya hoteli, akalifunga tena kwa sababu upepo wa pwani ya Galu ulikuwa ukimpeperushia karatasi. Simu ikilia moyo wake ulikuwa ukiruka kabla hajaipokea.

Siku tatu kabla, mtoto wa wageni wao alikuwa amekula kuku wa sosi ya korosho akavimba uso hapo hapo mezani, pumzi zikimkwama. Walimkimbiza hospitali Ukunda, na alhamdulillah alipona. Lakini mamake aliporudi kuchukua mizigo, alisema neno moja lililowaacha wote midomo wazi: wakala wao wa safari, kule Nairobi, alikuwa ameshaitaarifu hoteli kwa barua pepe kwamba mtoto ana mzio wa korosho.

Athmani, mpishi mkuu, aliapa kwamba jikoni hakikufika chochote. Na Yusra ndiye aliyekuwa akipokea barua za hoteli.

Sasa mwenye hoteli, Bwana Chirau, alikuwa akingoja ripoti Mombasa. Alitaka kumjibu wakala kabla ya adhuhuri, na Yusra ndiye aliyetakiwa kuiandika.

Alikuwa amekwisha kutafuta. Alitafuta jina la wakala kwenye kompyuta ya ofisi. Zilitokea barua za zamani za kuweka nafasi, hakuna hata moja iliyotaja mzio. Alitafuta neno "korosho", akatafuta jina la familia. Aliangalia hata WhatsApp kwenye simu ya ofisi. Hakuna kitu.

Akaandika: "Tumekagua barua pepe zote. Hatukupokea taarifa yoyote."

Aliyasoma maneno yale, na lile neno "zote" likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Kanze, msichana wa huku huku pwani aliyeajiriwa na yule wakala.

"Dada Yusra, shikamoo."

"Marahaba, Kanze. Vipi hali?"

"Si njema, dada. Wameniambia, mkisema hamkupokea, basi mimi sikutuma, na kazi sina. Wallahi nilituma. Tulibadilisha anwani ya barua pepe, nikatuma kwa ile mpya, yapata mwezi na zaidi. Tafadhali angalia vizuri."

"Nimeangalia, mwanangu."

"Hata kwenye spam?"

Kompyuta ya ofisi ilikuwa ikivuta barua za inboksi peke yake. Zile ambazo mtambo uliziona za kutiliwa shaka zilibaki huko huko mtandaoni, na kuzifikia kulihitaji kuingia kwa neno la siri. Neno hilo alikuwa nalo Abdulbasit, fundi wao, na Abdulbasit alikuwa kisiwani Funzi akiwaunganishia watu intaneti. Tangu jana simu yake haikupatikana.

"Huko sikuangalia," alisema Yusra. "Sina njia ya kufika."

Alipokata simu alifuta alichokuwa ameandika, akaanza upya. Aliandika polepole, akisimama na kuketi, kana kwamba kiti kilikuwa na siafu:

"Nimekagua inboksi ya barua pepe ya hoteli kupitia kompyuta ya ofisi, kwa jina la wakala, jina la wageni na neno 'korosho'. Nimekagua WhatsApp ya simu ya ofisi. Sikuona taarifa ya mzio. Folda ya spam sikuikagua. Neno la siri analo Abdulbasit, naye hajapatikana. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba taarifa haikufika."

Judy, meneja, aliingia akasoma juu ya bega lake. Alikuwa mtu wa bara, mchapa kazi, na siku hizo tatu usingizi ulikuwa umempaa.

"Hii ya spam toa."

"Kwa nini, madam?"

"Inatuangusha. Boss anataka jibu, si hadithi. Umeangalia, hukuona. Andika hakuna, tumalize."

"Kutoona kwangu ni kwenye inboksi tu, madam. Nikiandika hakuna, atakayesoma ataamini nimeangalia kote."

"Na nani atajua?"

Yusra alikuwa na kazi ile kwa miaka minne, na mamake kule Kinondo alimtegemea yeye. Alimtazama Judy, akaitazama skrini.

"Mimi nitajua," alisema. "Na kuna msichana atafukuzwa kwa neno langu. Kama wewe waona vingine, iandike wewe, uweke jina lako. Samahani, madam, sikukusudia utovu wa adabu."

Judy alizungusha pete kidoleni. Kisha akatoka bila kusema ndiyo wala la. Yusra alibonyeza kutuma kabla moyo haujamgeuka.

Alianza kutembea. Kutoka ofisini hadi mapokezi, mapokezi hadi jikoni, jikoni hadi ofisini. Athmani alikuwa akimenya kamba kwa ajili ya wali wa mchana. Kulikuwa na wageni wapya waliokuwa njiani kutoka uwanja wa ndege wa Ukunda. "Mama, tulia basi, wanitia kizunguzungu," Athmani alimwambia.

Bwana Chirau alipopiga simu, hakuwa na hasira wala furaha. Alikuwa ameisoma ile sentensi ya mwisho, akaitafuta nyumba ya wageni alikofikia Abdulbasit kule Funzi, akampata kwa simu ya mwenyeji wake. "Andika neno la siri, nakutajia. Fungua sasa hivi, nami nipo hapa nasikiliza."

Yusra alifungua. Folda ilijaa matangazo ya mikopo na bahati nasibu. Alishuka nayo mpaka chini. Barua ya zamani kabisa haikuzidi mwezi. Zilizotangulia mtambo ulikuwa umezifuta wenyewe, ndivyo ulivyowekwa. Ya mtoto haikuwamo, akamwambia hivyo.

"Basi haikutumwa," alisema Bwana Chirau.

"Hatuwezi kusema hivyo, bwana. Folda hii haiweki barua zaidi ya mwezi, na Kanze asema alituma kabla ya hapo. Lakini ngoja..."

Alikuwa ameona jina la wakala. Anwani mpya. Barua mbili, zote za wiki iliyopita. Akafungua ya pili, na macho yakamtoka.

"Bwana, hii ni ya wageni wa leo. Mama mmoja kati yao ana mzio wa kamba. Wanasema hata mchuzi wake asionje."

Hakungoja ruhusa. Aliiacha simu mezani, akakimbia, kiatu kimoja kikimvuka kwenye baraza.

"Athmani! Acha kamba! Acha kila kitu!"

Athmani alisimama na kisu mkononi. Gari la wageni lilikuwa tayari likiingia langoni. Walimwaga mchuzi, wakaosha meza, visu na masufuria kwa maji ya moto na sabuni, wakatoa vyombo vingine vipya, na Athmani akaanza upya kwa kupika kuku. Judy mwenyewe aliwaketisha wale wageni barazani kwa madafu, akawaeleza kwa nini chakula kitachelewa. Yule mama mwenye mzio alimshika Judy mkono asiuachie.

Jioni Yusra aliandika ripoti nyingine: barua za anwani mpya ya wakala zilikuwa zikiingia spam, ya mtoto haikuonekana, na kwa kuwa folda hufuta barua za zaidi ya mwezi, haijulikani kama ilifika. Bwana Chirau aliituma Nairobi ilivyo, pamoja na radhi ya hoteli. Kanze alibaki kazini, ingawa kwa onyo la kuwa apige simu pia kwa jambo kama lile.

Judy hakumsemesha Yusra siku mbili. Ya tatu alileta kikombe cha chai ya tangawizi, akakiweka kando ya kompyuta, akaenda zake. Yusra alikinywa akiwa amesimama. Hata wakati ule bado alikuwa akimfikiria yule mtoto, na barua ambayo hakuna tena mtu ambaye angeweza kuiona.