Naomba Nifike Mwisho

Ntinyari alikuwa na kawaida ya kunyamaza kidogo katikati ya maneno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe na kutafuta jiwe la pili kabla hajainua mguu. Kwao Kaaga walimzoea hivyo. Lakini katika kituo cha afya alikoajiriwa kama afisa wa lishe, huko juu ya Kangeta, kunyamaza huko kulikuwa kunamgharimu.

"Akina mama hawaachi kliniki kwa kupenda," alisema kwenye mkutano wa Ijumaa. "Asubuhi wanakuwa..."

"Wanakuwa wanapiga porojo," akamalizia Mzee Mwirigi, afisa wa afya ya jamii. "Hao nawajua. Tuwatangazie kanisani Jumapili, watakuja mbio. Sista, tuende kwa habari ya tangi la maji."

Watu wakacheka, na Sista Cicily, msimamizi wa kituo, akaandika habari ya tangazo la kanisani. Ilikuwa Ijumaa ya tatu mfululizo anakatizwa hivyo. Ntinyari aliinamia kikombe chake cha chai, ambayo ilikuwa imeshapoa.

Alichotaka kusema hakikuwa kirefu. Akina mama wale walikuwa wakifunga miraa. Mavuno yakishaletwa asubuhi, wao hukaa chini kuyapanga na kuyafunga kwa majani ya migomba, na hawawezi kuinuka mpaka magari yaondoke saa za mchana. Kliniki ya watoto wenye utapiamlo ilikuwa Jumanne asubuhi, na saa sita kadi zilikuwa zimefungiwa kabatini. Ikisogezwa hadi alasiri, wangefika. Ni hilo tu. Na huku likisubiri kusikika, watoto walikuwa wakikosa vipakiti vyao vya chakula cha dawa wiki baada ya wiki. Mtoto wa mama mmoja aitwaye Kinanu alikuwa amekosa Jumanne mbili. Mara ya mwisho alipopimwa, mkanda wa kupimia ulipozungushwa kwenye mkono wake ulisoma nyekundu, rangi ya hatari.

Baada ya mkutano Beverlyne wa maabara alimfuata hadi kwenye bomba la kunawia.

"Wewe unamlea huyo mzee," alisema. "Ijumaa ijayo mwambie mbele ya watu, 'Mzee, sijamaliza.' Uone kama atarudia."

Ntinyari alikuwa amewahi kuona mtu akiambiwa hivyo kwenye mkutano uo huo. Karani mmoja alikaripiwa mbele ya wafagiaji, na tangu hapo alikaa karibu na mlango bila kufungua mdomo, mpaka akaomba uhamisho. Tena Mwirigi alikuwa rika la baba yake. Ndiye aliyemtafutia nyumba ya kupanga alipofika mgeni, na ndiye aliyemwonyesha boma kwa boma walipo watoto wanaohitaji kupimwa. Angemwambiaje mtu kama huyo mbele ya watu? Na kwenda kwa Sista moja kwa moja, kabla hajamwambia mwenyewe, aliona ni kumshitaki mtu ambaye hajui kosa lake.

Kwa hiyo jioni, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, alishika simu. Kundi la wafanyakazi lilikuwa juu kabisa kwenye WhatsApp. Alilipita, akatafuta jina la Mwirigi peke yake.

Mara ya kwanza aliandika kwamba yeye hukatiza watu kila mara. Akafuta. Ukimwambia mtu "kila mara" atatafuta siku moja ambayo hakufanya, na mazungumzo yatakuwa ya siku hiyo. Akaandika kwamba watu wote wamechoka. Hilo nalo akalifuta, kwa kuwa hakuna aliyemtuma. Kilichobaki ndicho alichokituma:

"Habari za jioni, Mzee Mwirigi. Samahani kukufuata huku, nimeona heri tuongee sisi wawili. Leo nilipokuwa nikieleza kuhusu akina mama, uliingia kabla sijamaliza, na wiki iliyopita pia. Sidhani ulikusudia ubaya, na mimi najua nazungumza polepole. Lakini sababu yenyewe ya kutokuja kwao bado haijasikika, na watoto wanakosa kliniki. Naomba Ijumaa unipe nafasi nifike mwisho, kisha uongeze lako, maana watu hao unawajua kunishinda. Kama kuna langu linalokukera, nawe niambie. Sijamwambia mtu."

Alama mbili zikawa za buluu papo hapo. Jibu halikuja.

Halikuja Jumamosi. Halikuja Jumapili. Jumatatu Mwirigi alimpita kwenye lango na kumsalimu kwa neno moja, bila ule utani wake wa kumuuliza kama Kaaga hawali ugali. Jumanne Kinanu hakuja tena. Ntinyari aliketi mbele ya mizani tupu, akihisi kwamba amempoteza mzee na mtoto pamoja. Alichoka hata kulia hakuweza.

Jioni hiyo ndipo ujumbe wa Mwirigi ulipoingia.

"Mwanangu, nilikasirika kwanza. Nikasema msichana wa juzi ananifundisha kuongea. Halafu Jumapili nikiwa kanisani nikajiona. Mimi ndiye mkalimani, miaka mingi. Mhubiri akinyamaza tu kidogo, mimi naingia na Kimeru. Nikichelewa, waumini wanasinzia. Kumbe hata kazini nikisikia mtu amenyamaza naona zamu yangu imefika. Kwa nyumba pia mama watoto amewahi kulalamika hivyo, nikadhani ni maneno ya wanawake. Ijumaa utamaliza."

Ntinyari aliisoma mara mbili, akajibu, "Asante sana, Mzee," na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akalala bila kugeukageuka.

Mkutanoni alianza sentensi ile ile, na katikati akanyamaza. Mwirigi alikuwa ameshavuta pumzi na kuinua kidole. Kidole kikashuka taratibu hadi mezani. Akaangalia dirisha.

"...wanakuwa kwenye kufunga miraa," Ntinyari akamaliza, na yaliyofuata yakatoka moja baada ya jingine, hadi ombi la kusogeza kliniki iwe alasiri.

Sista Cicily aliweka kalamu chini. Badala ya kuuliza kuhusu kliniki, alimgeukia Mwirigi. "Mzee, leo vipi? Umenyamaza kama mgonjwa."

Wote wakamtazama. Mwirigi akainamisha kichwa. Ntinyari akasema haraka, kabla yeyote hajacheka, "Sista, nilikuwa namngojea yeye atuambie magari huondoka saa ngapi. Mimi hapo sina hakika."

Mwirigi akasema magari huwa yameondoka kufikia saa nane, na kwamba yeye mwenyewe atapita pale wanapofungia kuwaambia akina mama, maana kanisani wengi wao hata hawaji. Sista akakubali wajaribu kwa mwezi mmoja.

Walipofika kwenye mambo ya maabara, Mwirigi alimkatiza Beverlyne mara mbili. Mara ya pili alijishika mwenyewe, akapunga mkono: "Endelea, endelea." Kule nje Beverlyne alimbana Ntinyari amweleze ni dawa gani amempa mzee. Ntinyari alisema hajui, akaenda kusafisha mizani.

Jumanne saa tisa Kinanu aliingia na mtoto mgongoni, vidole vikiwa vimeparara na kuwa vyeusi kwa utomvu wa migomba. Alisema kuna mzee aliyemfuata hadi pale wanapofungia miraa. Ntinyari alizungusha mkanda kwenye ule mkono mdogo. Bado nyekundu. Hakuwa na nguvu ya kufurahi wala ya kulaumu. Alirarua kipakiti, akampa mama akikamulie kinywani mwa mtoto waone kama atakula, akavuta kiti karibu, na wote wawili wakakaa kumtazama.

Mtoto alilamba mara moja. Akanyamaza, akifikiria. Kisha akafungua mdomo tena.