Chai ya Msibani

Tangu Nashwa amnyime sukari kwenye chai, mama yake, Hajja Tafida, alikuwa akipokea kila glasi kwa swali lile lile.

"Nani amekufa?"

Pale Tanta, nchini Misri, kahawa isiyo na sukari hunywewa msibani, na kwa Hajja Tafida chai nayo ni ile ile. Nashwa alishachoka kujibu. Alikuwa amechoka na mengi: foleni ya kliniki, ngazi za ghorofa ya nne, na kile kidonda cha kidole gumba cha mguu wa mama yake, kinachosafishwa kila asubuhi na kila asubuhi kiko vile vile. Daktari hakuzungukazunguka. Sukari isiposhuka, kidole kitakatwa, na baada ya kidole hakuna ajuaye.

Ila sukari haikushuka. Siku ile ilipopimwa tena, ilikuwa imepanda.

"Anakula kwa siri," Nashwa alimwambia Rawya, muuguzi wa kliniki, mbele ya mama yake kana kwamba hayupo.

"Wallahi sijaonja!" Hajja Tafida aling'aka. "Tangu lini nikawa mwizi katika nyumba yangu?"

Rawya alishayasikia maneno hayo kwa wazee wote wa mji. Akasema kwa sauti iliyochoka kama yao, "Kabla hamjagombana, angalieni na vinywaji. Soma lebo, mwanangu, tafuta gramu za sukari, gawanya kwa nne. Gramu nne ni kijiko kimoja cha chai. Kijiko cha kusawazisha, si cha kilima."

Walipofika nyumbani Nashwa hakushika lebo yoyote. Alianza na godoro. Akapekua chini ya mto, nyuma ya masufuria, hata ndani ya mfuko wa msala. Hajja Tafida alikaa kwenye kiti cha jikoni, mguu wenye bandeji juu ya stuli, akimtazama.

"Angalia na kwenye meno yangu ya bandia," alisema. "Huenda nimeficha keki."

Nashwa hakucheka. Alifungua jokofu, mahali pa mwisho, akakuta vitu alivyoviweka mwenyewe: mtindi, matango, na pakiti ndogo za juisi ya mapera. Hizo alikuwa akimletea mama yake mbili kwa siku, moja mchana na moja alasiri, ili kumpoza kwa ile chai chungu. Matunda, alijiambia. Na lebo aliisoma siku ya kwanza kabisa, si mjinga yeye: sukari gramu kumi na mbili. Vijiko vitatu. Si haba, lakini mgonjwa naye ana moyo.

Akaigeuza pakiti aisome tena, apate kumwonyesha mama yake kwamba kosa halitoki huku. Gramu kumi na mbili, ndiyo. Juu yake, kwa herufi ndogo kama chawa: kwa kila mililita mia moja. Na upande wa mbele, chini ya picha ya pera: mililita mia mbili na hamsini.

Kumi na mbili, mara mbili na nusu. Thelathini. Gawanya kwa nne.

Alichukua mkebe wa sukari ya wageni na glasi tupu. Akachota, akasawazisha kwa kisu, akamimina. Kimoja. Cha pili. Cha tatu, pale alipokuwa akidhani ndio mwisho. Akaendelea hadi saba, kisha nusu.

"Hiyo ni pakiti moja, mama," alisema. Akarudia tena yote kwa ile ya pili, sukari ikimwagika mezani. Kumi na tano.

Hajja Tafida aliinama akaitazama glasi. "Na kwenye chai yangu nilikuwa nikitia vingapi?"

"Viwili. Mara tatu kwa siku."

"Sita."

"Vilikuwa vilima, mama," Nashwa alisema, akitafuta pa kujitetea, kisha akaacha. Hata vilima sita havikufika hapo. Alijiona ovyo. Akaketi sakafuni kando ya stuli, uso kwenye mguu ule wenye bandeji, akalia kama mtoto. "Nimekuita mwongo mbele ya watu. Na mimi ndiye niliyekuwa nikikupa."

Mama yake alimwacha alie. Kisha akampapasa kichwani kwa kidole kimoja.

"Haya, inuka. Chemsha chai."

Nashwa alichemsha. Aliweka glasi mbili mezani, na kwa aibu akausogeza mkebe karibu na mama yake. Hajja Tafida akausukuma mbali.

"Leo siulizi nani amekufa," alisema, akapuliza chai yake. "Aliyekuwa akifa ni mimi, na mwanangu akiniletea sumu na mrija wake."

Akanywa, akakunja uso, akanywa tena.