Funika Daftari Uniambie

Mdogo wangu alifeli masomo mawili mwaka wa kwanza wa udaktari, fiziolojia na kemia, na mimi dada yake nasema wazi kwamba hakufeli kwa uvivu. Alisoma mpaka macho yakavimba. Daftari zake alizipaka rangi ya njano, kijani na waridi karibu kila mstari, hata ukajiuliza ule mmoja ulioachwa umekosa nini. Akizifungua anatikisa kichwa: "Hii naijua." Nyumbani tulimwita Daktari tangu akiwa mtoto, naye akasadiki.

Chuo kikampa mitihani ya marudio mwisho wa likizo. Akianguka hata mmoja, anaondolewa, na habari ya udaktari imekwisha. Mama akamwambia azidishe kusoma. Akazidisha, lakini ni kulekule kusoma kwa zamani, na dawa isiyoponya ukiongeza kipimo unaongeza uchungu tu.

Siku moja alikwenda kuomba aoneshwe karatasi yake ya mtihani. Alikwenda kishari, akiamini ameonewa. Mwalimu wa fiziolojia, mwanamke asiyepoteza maneno, akamwekea karatasi mezani. Maswali ya kutaja majina alipata karibu yote. Kisha likaja hili: mgonjwa ana vali inayovuja kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, kwa nini anahema akipanda ngazi? Daktari wetu alikuwa amechora moyo mzuri sana, akaandika majina pembeni, akaishia hapo.

"Ukifunika daftari, huwa unajiuliza nini?" mwalimu akamwuliza.

"Huwa siifuniki, mwalimu."

"Ndiyo maana. Ukiyaona maneno unayatambua. Mtihani haukuonyeshi kitu, unakuuliza. Soma kidogo, funika, andika unachokumbuka, halafu fungua usahihishe. Kesho anza na yale uliyokosa."

Akaanza siku hiyohiyo, kwenye ncha ya meza yangu ya kushonea. Simu aliikabidhi kwa mama. Akasoma ukurasa mmoja, akafunika, akashika kalamu. Mistari mitatu, kwisha. Akaduwaa. "Dada, mbona nilikuwa naijua?" Nilimwonea huruma, lakini nilikuwa na gauni la watu mkononi, nikamwambia aandike hiyo mitatu vizuri.

Usidhani mambo yakanyooka. Kabla ya wiki kuisha nikamkuta amerudia kalamu zake za rangi.

"Hii inanitia moyo," akajitetea.

"Inakutia moyo au inakutia usingizi?"

Alinuna mpaka jioni. Kesho yake akarudi mezani, kwa muda mfupi zaidi. Lengo la kushinda akisoma kutwa akaliacha. Akasoma hadi mama aanze kupika, basi. Somo la jana alilijaribu leo, halafu akalipumzisha siku kadhaa ndipo akalijaribu tena, likiwa limeanza kutoroka. Kemia na fiziolojia akazipishanisha. Maswali ya kemia aliyafanya bila kuchungulia jibu, na akikwama anaandika amekwama wapi, maana zamani alikuwa akisoma jibu na kusema, "Aa, kumbe."

Jikoni alimsumbua mama. "Mama, nikueleze damu inavyopita moyoni?"

"Nieleze, mradi usizuie njia."

Akaeleza. Mama, akikatakata vitunguu, akauliza, "Sasa kwa nini hairudi ilikotoka?"

"Kuna vali, mlango wa kwenda upande mmoja."

"Na mlango ukiharibika?"

Kisha, polepole, akasema damu itarudi nyuma, ijae chumba cha juu, msongamano ufike kwenye mapafu, maji yavuje humo, na mtu akose pumzi. Hakuwa na daftari mkononi. Mama akamwambia asogee atie chumvi.

Mtihani wa marudio wa fiziolojia haukuuliza moyo. Uliuliza figo, na mtu aliyetapika kutwa nzima. Alitusimulia kwamba kwa muda hakukumbuka kitu, kisha akajiuliza vile ambavyo mama angemwuliza: maji yamepungua mwilini, figo itafanya nini? Akaandika kuanzia hapo. Swali moja la kemia lilimshinda kabisa, akaliacha.

Matokeo yalipotoka aliyasomea uani, peke yake. Akaingia ndani, akasimama mlangoni.

"Nimebaki chuoni," akasema.

"Umepata ngapi?" mama akauliza.

"C zote mbili. Marudio hayatoi zaidi ya hapo, hata ukipata alama zote."

"Sasa pumzika, Daktari. Umeteseka."

"Msiniite hivyo kwanza, mama," akasema. "Sijui vya kutosha."

Mama akamvuta akamkumbatia, na yule kijana mrefu akalia kifuani mwake kama mtoto. Mimi nililia pia, wala sikujificha.