Inchi Mbili au Inchi Nne

Mzee Hatibu hajawahi kumwambia mtu kwamba amekosea. Nimefanya kazi kwake tangu nitoke chuoni, na neno hilo sijalisikia kinywani mwake. Fundi akiunga bomba ovyo, mzee atamsifia kwanza shati, atamuuliza hali ya mama yake kule Mkwaja, kisha atasema, "Sasa hebu na hili bomba tulitupie jicho, kama halitachukia." Fundi anaondoka anacheka, na mimi ndiye ninayemfuata nyuma kumwambia abomoe. Nampenda sana mzee huyu. Lakini kwa bomba lile la Pangani nusura anitoe roho.

Kampuni yake ni ndogo. Ofisi iko Tanga mjini, na kazi yetu ni mitambo ya majengo: mabomba, pampu, viyoyozi, vyumba vya baridi. Halmashauri ilikuwa inajenga Pangani jengo jipya la kupokelea samaki. Kuta na zege vilikuwa vya mkandarasi mkuu, na msimamizi wake pale alikuwa Castory, mtoto wa mashamba ya mkonge ya Muheza, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kumwaga zege. Mabomba na mashine vilikuwa vyetu. Mzee alinikabidhi mimi, Hafsa, kazi yote ya pale, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa jengo zima. Kikiharibika kitu, sina wa kumsingizia.

Kiliharibika kabla hata sijalaza bomba. Kwenye mchoro, maji ya chumba cha kuoshea samaki yalishuka kwenye tundu la sakafuni na kuondoka kwa bomba la inchi mbili mpaka chemba ya nje. Nikafungua kitabu cha maelezo ya kiufundi, kile kinachokuja pamoja na michoro na kueleza kila kitu kiwe cha aina gani. Kitabu kikasema bomba lolote la maji ya kuoshea samaki lisipungue inchi nne. Mchoro na kitabu vimetoka kwa mbunifu mmoja, Mhandisi Lea, na vimefungwa kwenye mkataba mmoja.

Aliyewahi kupara samaki nyumbani anajua magamba na matumbo yatalifanya nini bomba la inchi mbili. Litaziba wiki ya kwanza, na litakuwa chini ya sakafu, chini ya zege, chini ya vigae. Dawa yake ni nyundo ya umeme na aibu.

"Dada Hafsa, mchoro ndio mchoro," Castory akaniambia. "Laza inchi mbili, Alhamisi nimwage sakafu."

"Na kitabu je?"

"Basi laza nne."

Angalau yeye hakuwa na ubaguzi. Lakini nne haikupita. Boriti ya msingi ilikuwa imeshamwagwa, na tundu lililoachwa pale lilikuwa la inchi mbili. Boriti haitobolewi kwa sababu Hafsa ameona vyema, inabeba ukuta. Na mkataba wetu hauna kigugumizi: karatasi mbili zikipingana, mkandarasi hachagui anayoipenda. Anaandika barua ya kuomba ufafanuzi, inapita kwa mkandarasi mkuu, inakwenda kwa mbunifu, na jibu linarudi kwa maandishi.

Nikaiandika. Nusu ukurasa. Mchoro namba fulani unasema hivi, kifungu fulani cha kitabu kinasema vile, tundu la boriti ni la kiasi hiki. Tufuate kipi? Sisi tunapendekeza inchi nne, iwapo tutaruhusiwa kupanua tundu. Tunaomba jibu kabla ya Alhamisi, maana sakafu ikimwagwa hakuna kurekebisha. Nikaipeleka kwa mzee aisaini, naye akaisoma kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai.

"Mwanangu, hii barua au mashitaka?"

"Barua, mzee."

"Nakala inakwenda halmashauri, kwa mwenye jengo. Unataka kumvua nguo mtoto wa watu mbele ya aliyemwajiri? Hujamsalimia hata! Niachie."

Nikamwachia. Kosa langu lilikuwa kwenda kuhangaikia pampu na kuamini kwamba swali litabaki swali. Nakala ya alichotuma niliiona baadaye:

"Mpendwa Mhandisi Lea. Tunatumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wote walio nawe. Tunakupongeza kwa michoro yako, inasomeka kwa raha. Katika kuipitia, macho yetu, ambayo pengine yamechoshwa na jua la Pangani, yameona kama mahali fulani mchoro na kitabu vinatofautiana kidogo katika suala la mabomba. Si jambo kubwa. Ukipata nafasi, na kama si usumbufu, tungefurahi kusikia neno lako."

Jibu lilikuja upesi. "Tumepokea barua yenu na tunashukuru kwa pongezi. Endeleeni kwa mujibu wa mkataba."

"Umeona?" mzee akasema, uso umemng'aa. "Ukimstahi mtu, anakujibu."

"Amejibu nini, mzee?"

"Tuendelee."

"Kwa inchi ngapi?"

Akaitazama tena karatasi. Akaigeuza nyuma, kana kwamba inchi zimejificha huko. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na nilikuwa na hasira za kutosha kwa yote mawili. Mkataba ndio huohuo wenye mchoro na kitabu. Tumerudi tulipoanzia, ila sasa tumepoteza siku.

Nikampigia simu Mhandisi Lea, sauti nikaifungua mzee asikie. Jibu la simu halilazwi chini ya zege, nilijua, lakini nilitaka nijue kama swali lenyewe limemfika.

"Shikamoo, Mzee Hatibu," Lea akaanza, alipojua mzee yupo.

"Marahaba, mwanangu. Wazazi Lushoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mzee, barua yako nzuri nimeisoma mara mbili. Nimeona unaniombea afya. Kulikuwa na swali?"

Nikamweleza. Tukasikia karatasi zikifunuliwa, kisha Lea akasema polepole, "Ehee. Hapo kuna kitu. Lakini sitawajibu kwa simu. Niandikieni na namba ya mchoro na kifungu, nikae nacho vizuri. Na mzee, usinionee haya. Nikikosea kwenye karatasi, nafuta. Nikikosea kwenye zege, nafutaje?"

Mzee Hatibu alikaa na simu mkononi hata baada ya Lea kukata. Nilimwonea huruma. Heshima yake si ya kujifanya. Amelelewa nayo Kigombe, na imemlisha, maana nusu ya kazi zetu tunazipata kwa sababu watu wanapenda kukaa naye. Sasa mtoto wa umri wangu amemwambia kwamba heshima hiyo imeficha swali.

"Lete ile yako," akasema.

Akaisaini. Aliongeza "Salaam" juu, basi, nami sikumnyang'anya. Castory akagonga mhuri wa kampuni yake, barua ikaenda.

Alhamisi ikafika kabla ya jibu. Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa inanguruma, kokoto ziko tayari, vibarua wamevaa mabuti. Nondo za sakafu zilikuwa zimetandazwa, ila pale penye mtaro wangu palikuwa wazi, bomba halijalazwa. Castory alikuja na fomu ya ukaguzi, ile ambayo kila mwenye kitu chini ya sakafu anaisaini kabla ya zege. Wa umeme alishasaini. Nafasi yetu ilikuwa tupu.

Hakunijia mimi, mjanja yule. Alimwendea mzee, aliyekuwa amekuja asubuhi ile kutoka Tanga. Alijua anachokifanya. Pwani nzima inajua kwamba Mzee Hatibu hawezi kumnyima mtu kitu usoni.

"Mzee wangu," Castory akasema kwa sauti ya asali, "hawa vibarua nimeshawaita. Laza inchi mbili kama mchoro, saini hapa, likileta shida tutazungumza kindugu."

Nilikuwa upande wa pili wa mtaro, na niliona mzee akianza kutabasamu, na tabasamu lile nalijua: ndilo linalotangulia ndiyo. Nikawaza sakafu ikichimbwa, nikawaza jina langu kwenye ripoti. Nikafungua mdomo.

"Hapana," mzee akasema.

Vibarua wakageuka. Nadhani hata mashine ilisikia.

"Mzee?"

"Hapana, Castory. Sisaini. Mwenye kazi hii ni Hafsa, na Hafsa ameuliza, hajajibiwa. Humwagi sakafu hii mpaka yeye aseme."

Hakumsifia shati. Hakumuuliza hali ya mama. Jasho lilikuwa linamtoka mzee wa watu. Castory alimwangalia, akaniangalia mimi, kisha akaangua kicheko kikubwa. "Mungu wangu, leo nimekatazwa na Mzee Hatibu! Zima mashine!"

Wakaenda kumwaga zege la njia ya nje badala yake, kokoto zisilale bure. Mzee akaketi juu ya mfuko wa saruji. Nilimletea maji, nikasema, "Ahsante, baba." Sijawahi kumwita baba kabla ya hapo.

Jibu la Lea liliingia mchana, na mchoro mpya pamoja nalo. Niliusoma nimesimama, kisha nikaketi kando ya mzee nikausoma tena.

Hatukuwa sahihi hata mmoja wetu. Yalikuwa mabomba mawili. La inchi mbili lilikuwa la maji yanayoyeyuka kwenye chumba cha barafu, na lilipita tu kando ya tundu la chumba cha kuoshea, kwenye karatasi likaonekana limeungana nalo. La inchi nne la kuoshea lilichorwa kuelekea upande wa nyuma, pale boriti ilipoachiwa tundu kubwa ambalo Castory alidhani ni la umeme. Wakati wa kuchapisha, mstari wake ulizimwa kwenye kompyuta ya Lea na haukutoka kwenye karatasi. Lea aliandika hivyo hivyo, wazi, na nakala ikaenda halmashauri: "Kosa ni la ofisi yetu, tunawashukuru kwa kuuliza."

Kwa hiyo Castory angeziba chumba cha kuoshea. Na mimi, na pendekezo langu la maana, ningetoboa boriti bure na kukiachia chumba cha barafu maji yasiyo na pa kwenda. Nilimwambia mzee hivyo, sikuficha.

"Umekosea kidogo," akasema, akilijaribu neno mdomoni. Tukacheka mpaka vibarua wakaja kuuliza kuna nini.

Tulilaza yote mawili, kila moja na mteremko wake. Tukayaziba midomo, tukayajaza maji, tukayaacha usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa palepale tulipotia alama, hakuna kiungo kilichotoa hata tone. Mzee Hatibu alichungulia, akanikabidhi kalamu yake, akasimama pembeni. Nikasaini fomu kwa jina langu, nikamwambia Castory amwage.